Sukari imeshuka, mbona sindano haionekani?

Mimi ni fundi cherehani hapa Busia, nina miaka 49. Wiki tatu zilizopita nilipimwa sukari ikasoma 21. Nikaanza metformini na glimepiridi, soda nikaacha. Sasa asubuhi inasoma 9, lakini uzi hauingii kwenye sindano na herufi za simu ni ukungu mtupu. Kabla ya dawa nilikuwa naona karibu vizuri, hata miwani ya kusomea nilishaiweka kando. Hizi dawa zinaniharibia macho?

Hapana, kaka, na tafadhali usiziache. Ila hilo la miwani uliyoiweka kando ndilo linalonieleza mambo yalivyokwenda.

Mtu wa miaka 49 kwa kawaida anahitaji miwani ya kusomea, kwa sababu lenzi ya jicho imeshaanza kuwa ngumu. Wewe ulikuwa nayo, kisha ghafla hukuihitaji. Wengi hufurahi hapo, wakasema macho yamerudi ujanani. Kumbe sukari ilikuwa imepanda, lenzi ikabadilika na kuanza kuupinda mwanga kupita kiasi, nawe ukageuka mtu wa kuona karibu. Jiulize: miezi ile, uliweza kusoma jina la mji kwenye teksi kutoka ng'ambo ya steji? Ninaowauliza hivyo mara nyingi hukaa kimya kidogo, kisha hucheka. Mbali kulikuwa kumepotea, lakini fundi anatazama mbali saa ngapi?

Sasa sukari imeshuka haraka na lenzi imeyumba upande wa pili. Ile nafuu ya karibu imeondoka, ikaondoka na zaidi. Dawa inaonekana mkosaji kwa sababu ndiyo iliyoingia nyumbani siku chache kabla ya ukungu. Nimeona watu wakiitupa kwa sababu hii hii. Sukari ikarudi juu, wakaona sindano tena, wakasema "si nilijua?"

Sukari ya kwenye damu inafikaje kwenye lenzi?

Lenzi iko nyuma ya mboni na haina mshipa wa damu hata mmoja. Inalishwa na maji yaliyo mbele yake ndani ya jicho, na sukari ikiwa nyingi kwenye damu, huwa nyingi pia kwenye maji hayo. Inaingia ndani ya lenzi, na sehemu yake hugeuzwa kuwa kitu kiitwacho sobitoli. Sobitoli ni mgeni mzito: kuingia kwake ni rahisi, kutoka ni polepole sana.

Dawa zinaposhusha sukari ya damu, maji yale ya nje ya lenzi yanakuwa mepesi upesi, lakini ndani bado kumejaa. Palipo pazito huvuta maji, ndivyo maharage makavu yanavyojaa ukiyaloweka usiku. Lenzi inavimba kidogo na nguvu yake ya kupinda mwanga inapungua. Ukungu wa namna hii mara nyingi hufika kilele wiki ya kwanza au ya pili baada ya sukari kushuka, kisha hupungua taratibu kadiri lenzi inavyojitua. Kwa wengi mambo hutulia ndani ya mwezi mmoja hadi miwili, wachache hufika miezi mitatu.

Dukani wamenipima leo, wanataka laki mbili na nusu. Ninunue?

Usinunue. Aliyekupima huenda hakukosea hata kidogo, amepima jicho la leo tu. Hebu tuchukue namba za miwani za mfano za mtu kama wewe. Jicho lake la kawaida ni sifuri kwa mbali na +1.5 kwa kusomea. Sukari ilipokuwa 21, mbali palikuwa -1.5, namba ya jicho linaloona karibu na kupoteza mbali, kwa hiyo karibu aliona bila miwani. Leo lenzi imevimba, mbali pamekuwa +1.5 na anaona kwa kujikaza, na kwa kusomea atahitaji +3. Akitengeneza hiyo +3, baada ya wiki nane jicho likirudi kwake, itambidi alete kitambaa karibu zaidi na uso ndipo aone mshono.

Subiri mpaka vipimo vya sukari vimekaa mahali pamoja kwa wiki kadhaa. Si lazima viwe vizuri sana, ila visiruke leo 8, keshokutwa 17. Kisha pima macho mara mbili, ukiachanisha wiki tatu hivi. Namba zikifanana, tengeneza miwani. Na siku ya kupima macho nenda na daftari lako la sukari, mpimaji alione kabla hajaanza kukuwekea vioo.

Na hadi hapo nishone vipi? Nina gomesi tatu za harusi.

Nunua miwani ya kusomea iliyo tayari, ile ya sokoni ya bei nafuu. Usichague kwa namba, chagua kwa kazi: nenda na sindano na uzi mweusi, jaribu +2, kisha +2.5, kisha +3, uchukue ile ndogo kabisa inayokuwezesha kutunga uzi. Haiharibu jicho. Baada ya wiki mbili tatu utaiona kali, basi urudie ndogo. Pikipiki usiendeshe kama vibao vya barabarani huvioni.

Nitajuaje kama ni sukari tu na si kitu kibaya zaidi?

Sindano unayo, basi itumie. Toboa karatasi ngumu, tundu dogo la kama milimita moja. Simama kwenye mwanga, ziba jicho moja, na kwa lile jingine tazama kalenda ya ukutani kupitia tundu. Herufi zikisafika, tatizo kubwa ni namna mwanga unavyopindwa, na hilo linalingana na lenzi iliyoyumba. Zisiposafika, nenda ukaonwe wiki hii. Rudia kwa jicho la pili.

Ukungu wa lenzi huja macho yote mawili kwa pamoja. Jicho moja likiachwa nyuma, au ukiona madoa meusi yanaelea, pazia linashuka, mistari iliyonyooka inapinda, au jicho linauma na kuwa jekundu, usingoje hata siku moja. Na kwa kuwa unameza glimepiridi, ukungu unaokuja ghafla pamoja na jasho, njaa na mikono kutetemeka ni sukari iliyoshuka mno. Hapo kunywa maji yenye sukari kwanza, maswali baadaye.

Lakini tundu la karatasi halioni nyuma ya jicho. Kisukari cha ukubwani huweza kukaa miaka mwilini kabla ya kujulikana, kikachubua mishipa ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, bila wewe kuhisi lolote. Kwa hiyo miwani ingoje, ila uchunguzi wa retina usingoje. Anzia kituo cha afya cha ngazi ya nne chenye afisa wa macho, au nenda hospitali ya rufaa kama ile ya Mbale. Utatiwa matone ya kupanua mboni, na utaona ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo nenda na mtu wa kukurudisha.

Nimeshatanguliza elfu themanini dukani.

Rudi leo kabla vioo havijakatwa. Waombe wakuwekee fremu uliyoichagua na pesa yako waiandike kwenye risiti, vioo vikatwe ukileta namba mpya. Fremu haijali sukari.