Nakala ya WhatsApp Inapogoma Kwenye "Preparing"

Wengi wanaofika kwenye dawati letu la TEHAMA kwa sababu ya WhatsApp iliyogoma kuhifadhi nakala tayari wameshanunua bando jipya. Kwa simu za Android, bando hilo mara nyingi halisaidii kitu, kwa sababu kazi ya kuhifadhi nakala ina hatua mbili, na ya kwanza haihitaji intaneti kabisa.

Skrini ikiandika "Preparing", simu bado inaandaa nakala ya mazungumzo ndani yake yenyewe. Ikiandika "Uploading", ndipo nakala inapopandishwa kwenye akaunti yako ya Google. Kwa hiyo soma kwanza neno lililoganda hapo.

Mama mmoja muuza vitenge alituletea simu ya GB 32 iliyokuwa imekwama kwenye "Preparing" tangu jana yake. Tulipoangalia nafasi, zilibaki MB 300 tu, ilhali faili la mazungumzo yake, lenye oda za wateja za miaka minne, lilikaribia MB 700. Simu ilikuwa inajaribu kuandika faili lisiloenea. Tuliingia Settings ya WhatsApp yenyewe, kisha Storage and data, halafu Manage storage. Humo WhatsApp hupanga mafaili makubwa kuliko MB 5, na yake mengi yalikuwa video za makundi. Alichagua mwenyewe za kufuta, ikapatikana GB 3. Tukaizima simu na kuiwasha, tukasasisha WhatsApp kupitia Play Store, maana toleo lake lilikuwa la zamani, kisha tukabonyeza Back up. Hatua ya kwanza ikaisha baada ya dakika chache.

Ikiwa kilichogoma ni "Uploading", hapo ndipo mtandao unapohusika. Ukurasa wa Chat backup ukionyesha nakala ya ndani ya simu ni ya leo, lakini ya Google ni ya mwezi uliopita, maandalizi hayana shida. Angalia kama umeruhusu waifai pekee huku ukitumia bando. Zima kipengele cha kujumuisha video; mzigo hupungua sana. Iache simu kwenye chaji na waifai usiku kucha, kwani WhatsApp huandaa nakala ya ndani kila siku saa nane usiku. Angalia pia akaunti ya Google: ile GB 15 ya bure hutumika kwa pamoja na barua pepe, picha na nakala za WhatsApp. Ikijaa, hata mtandao wa kasi hautapandisha kitu.

Nakuomba sana, usiifute WhatsApp ili uisakinishe upya wakati nakala imekwama. Ukiifuta, utakachoweza kurudisha ni nakala ya mwisho iliyokamilika tu. Kama ni ya Machi, ya Aprili hadi leo yanaweza kupotea yote. Yule mama alikuwa ameshaambiwa na jirani afanye hivyo.