Rasta na vekta: nembo moja, faili tatu za kukabidhi

Faili ya rasta ni gridi ya miraba midogo ya rangi iitwayo pikseli, na idadi yake hubaki ileile tangu picha ilipohifadhiwa. Faili ya vekta huhifadhi maelezo ya umbo lenyewe: nukta ziko wapi, mstari unapindaje kati ya nukta na nukta, na ndani mnajazwa rangi gani. Kompyuta hulichora umbo hilo upya kila mara, kwa ukubwa wowote. PNG, JPEG na WebP ni rasta. SVG, PDF, EPS na AI ya programu ya kuchora ya Illustrator hutumika kubeba vekta, lakini zote zinaweza kuficha picha ya rasta ndani yake, na hapo ndipo wengi hunaswa.

Chukua nembo ya PNG yenye upana wa pikseli 600. Kwenye kadi ya biashara, nembo ikichukua sentimita 5, yaani takribani inchi 2, unapata pikseli 300 kwa kila inchi. Hicho ndicho kiwango ambacho wachapaji wengi huomba, kwa hiyo itatoka safi. Sasa itandaze nembo hiyohiyo kwenye bango la mita 3. Milimita 3,000 ukigawa kwa 600, kila pikseli inakuwa na upana wa milimita 5. Ni kweli bango hutazamwa kwa mbali na halihitaji pikseli 300 kwa inchi, lakini kwa kiasi hicho kingo za herufi zitaonekana kama ngazi. Kuikuza picha kwenye programu hakusaidii, kwa sababu programu hubuni tu pikseli za kujazia, na ngazi zinageuka kuwa ukungu.

Ndiyo maana mchapaji apewe PDF ya vekta. Kabla ya kuihifadhi, geuza maandishi yawe maumbo: katika Illustrator ni `Type > Create Outlines`, katika Inkscape ni `Path > Object to Path`. Usipofanya hivyo, na fonti yako ikawa haimo ndani ya faili wala kwenye kompyuta ya mchapaji, fonti nyingine itashika nafasi yake na jina litabadilika sura. Weka kando nakala ambayo maandishi yake bado yanaharirika, maana yakishageuzwa huwezi tena kusahihisha herufi kwa kuiandika upya kwenye kibodi. Rangi nazo ziandaliwe kwa CMYK, yaani mfumo wa wino nne za uchapaji, au kwa namba ya Pantone kama mchapaji anatumia wino maalumu. Kijani au buluu inayong'aa kwenye skrini mara nyingi hufifia katika CMYK, kwa hiyo omba sampuli kabla ya kuchapa nakala zote.

Kujua kama vekta ni ya kweli, fungua PDF na uikuze hadi mwisho. Ukingo ukibaki mkali, sawa. Ukiona miraba midogo, mtu amebandika PNG ndani ya PDF. Kwa SVG, ifungue kwa programu ya maandishi ya kawaida. Ukikuta mstari wa namna hii, umekabidhiwa rasta iliyovalishwa jina la vekta:

```
<image href="data:image/png;base64,..."
```

Vekta halisi ina vipengele kama `<path>` au `<circle>`.

Kwa tovuti, SVG ya vekta halisi ndiyo chaguo bora: nembo rahisi huwa na kilobaiti chache tu na hubaki kali kwenye simu na kwenye skrini kubwa. Hakikisha ina `viewBox`, sifa inayotaja mipaka ya mchoro, la sivyo mchoro hautakua wala kupungua pamoja na nafasi uliyoupangia.

Mitandao ya kijamii kwa kawaida haipokei SVG kama picha ya wasifu, hivyo toa PNG ya mraba ya pikseli 1080 kwa 1080, katika rangi za RGB, yaani rangi za skrini. Mitandao mingi huikata picha hiyo kuwa duara. Weka nembo nzima ndani ya mraba wa katikati wa pikseli 760, na pembe zake hazitaguswa. Usianze na JPEG: haina usuli wazi, na ubanaji wake huacha madoa kuzunguka herufi. Mtandao ukiibana tena, madoa huzidi.

Kutoka vekta kwenda rasta ni suala la kuihifadhi faili kwa muundo mwingine tu. Kurudi nyuma ni kazi nyingine. Programu za kufuatisha picha hufaulu kwa nembo ya rangi mbili tatu bapa, ikiwa PNG ni kubwa na safi. Kwa picha ndogo, kona kali hutoka mviringo na duara hutoka na mawimbi. Nembo ya namna hiyo ichorwe upya kwa mkono juu ya PNG, na fonti yake halisi itafutwe.