Kufuata mzigo: mambo ambayo wenye maduka madogo huamini, na hesabu inavyosema

Ratiba ya kwenda kununua mali wengi huiweka kwa mazoea: pesa ikijaa tunakwenda, shelfu likionekana tupu tunakwenda. Tuchukue duka moja la kufikirika tulifuate. Kila siku linatoa mali iliyonunuliwa kwa 30,000 na faida yake ni 4,500. Nauli ya kwenda jumla na kurudi ni 3,000, na linafunguliwa siku sita kwa wiki. Weka tarakimu zako mahali pa hizi. Njia ya kupiga hesabu ni ileile.

Dhana: Ukienda mara chache zaidi, unaokoa zaidi

Ni kweli mpaka mahali fulani, kisha si kweli tena. Mwenye duka akienda kila baada ya siku tatu, nauli inamla 1,000 kwa siku, ambayo ni zaidi ya moja ya tano ya faida yake. Akienda kila baada ya siku sita, nauli inashuka hadi 500 kwa siku. Hapo amefanya jambo la maana. Akisogeza hadi siku kumi na mbili, itafika 250.

Sasa tazama upande wa pesa. Safari ya siku tatu inahitaji mali ya 90,000, ya siku sita 180,000, ya siku kumi na mbili 360,000. Hatua ya kwanza ilimwokolea 500 kwa siku kwa kulaza 90,000 zaidi kwenye shelfu. Hatua ya pili inamwokolea 250 tu kwa kulaza 180,000 zaidi. Analipa mara mbili apate nusu. Na pesa iliyolala kwenye katoni hailipi kodi ya pango wala haimsubiri msambazaji mlangoni.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau: gharama ya usafiri ina sehemu mbili. Nauli yako ni ileile ubebe kidogo au kingi, lakini malipo ya mzigo yanapanda na mzigo. Ukibeba mara mbili, unamlipa mpakiaji mara mbili, kwa hiyo hapo hakuna unachookoa. Mzigo ukizidi uwezo wa pikipiki ndiyo unalazimika kukodi gari, na gharama hairuki kidogo kidogo, inaruka kwa mkupuo. Safari kubwa kuliko pikipiki lakini ndogo kuliko kujaza gari ndiyo ghali kuliko zote.

Dhana: Siku gari linaposhusha ndiyo siku ya kwenda

Tuseme duka la jumla hupokea mzigo Jumatano. Ukifika Jumatano asubuhi unaweza kukuta gari bado liko njiani, au mali iko chini lakini haijahesabiwa, na bei mpya haijatoka. Unapoteza saa za mauzo ukikaa kwenye foleni. Alhamisi asubuhi mambo huwa yametulia na mali bado ipo. Ukisubiri hadi Jumatatu, utakuta bidhaa zinazotoka haraka zimeshachukuliwa, na zilizobaki ni zile ambazo hata kwako hazitoki.

Usikisie, uliza. Na usiishie kuuliza mzigo unashuka lini. Uliza pia oda zinafungwa lini. Wauzaji wengi wa jumla hukubali kumtengea mteja wanayemfahamu akipiga simu mapema. Kama oda zinafungwa Jumatatu, basi orodha yako inaandikwa Jumapili usiku, hata kama safari ni Alhamisi. Njia nyepesi ya kujua siku mbaya ni kuandika kwenye daftari, kila ulipoambiwa "imekwisha", ilikuwa siku gani na bidhaa gani. Wiki chache tu zinatosha kuonyesha mwelekeo.

Dhana: Pesa iliyopo kwenye droo ndiyo pesa ya mzigo

Hapa ndipo ratiba nyingi huvunjika, kwa hiyo twende taratibu.

Ni Alhamisi asubuhi, kwenye droo kuna 210,000. Orodha, baada ya kutoa kilichobaki kwenye shelfu, inataka 180,000. Inaonekana inatosha na chenji inabaki. Lakini Ijumaa asubuhi msambazaji wa vinywaji anapita na gari lake, naye hataki ahadi, anataka 45,000 taslimu. Akikukuta huna, anaendelea na safari, na hutamwona hadi wiki ijayo. Kodi ya pango inahitaji 15,000 za wiki hii. Chenji ya kufungulia duka ni 10,000. Toa zote, inabaki 140,000. Toa nauli 3,000 na malipo ya mzigo 4,000. Pesa ya mali ni 133,000.

Upungufu ni 47,000. Kosa la kawaida ni kupunguza kila kitu sawa: kila kilichoandikwa kumi kinakuwa saba. Matokeo yake, ifikapo Jumanne bidhaa zinazotoka zimekwisha, na zisizotoka zimejaa.

Gawa orodha mara mbili badala yake. Mali inayotoka kila siku imechukua 118,000. Inunue yote, hadi safari ijayo. Inabaki 15,000 kwa mali ya polepole iliyotaka 62,000. Humo chukua kipande kimoja kimoja cha kile ambacho mteja akikikosa anahamia duka jingine na kapu lake zima. Vingine vikae wiki moja bila kujazwa. Na kama msambazaji wa vinywaji anaweza kusogezwa hadi Jumatatu, baada ya mauzo ya mwisho wa wiki, mwombe. Siku yake kugongana na safari yako ndiko kunakokukaba, kuliko hata udogo wa mtaji.

Dhana: Bidhaa ikikaribia kwisha ndipo unaiandika

"Kukaribia kwisha" hupimwa kwa siku zilizobaki hadi safari ijayo, macho hayatoshi. Sabuni inatoka vipande 8 kwa siku. Alhamisi zimebaki 40, na shelfu linaonekana limejaa. Lakini hadi Alhamisi ijayo utahitaji 48, na akiba ya siku moja kwa gari likichelewa ni 8, jumla 56. Unapungukiwa 16. Katoni ni ya 24, kwa hiyo unaandika katoni moja leo. Usipoiandika, sabuni inakwisha siku ya tano, na siku ya sita unafungua duka lisilo na sabuni.

Dhana: Kikikwisha katikati ya wiki, kimbia ukakilete

Katoni hiyo ya sabuni inanunuliwa 12,000 na kukuletea faida ya 1,800. Nauli ni 3,000. Umefanya kazi ya hasara hata kabla ya kuhesabu duka lililofungwa. Kama kuna muuzaji wa karibu anayekuuzia kwa 12,800, nunua kwake: faida inashuka hadi 1,000, lakini ipo, na mteja hakuondoka. Safari ya dharura inalipa tu pale orodha ya vilivyokwisha inapoleta faida inayozidi nauli, mzigo na mauzo ya saa utakazokuwa nje. Kwa duka hili, kwa nauli pekee, ni katoni mbili kamili, faida 3,600, ndipo safari inaanza kubakiza kitu.