Magunia 22 ya mwaka jana: kabla hujayarudisha bangoni, mpigie mwenyewe

Februari hii nimeambiwa tena maneno yale yale kuhusu ushuhuda wa mkulima kwenye tangazo, na ni mara ya nne tangu mwaka uanze: "Maneno si ni yake mwenyewe? Sisi tumeongeza nini?" Safari hii aliyesema ni mwenye duka la pembejeo ambaye namwandikia matangazo ya mbegu za mahindi. Masika iko mlangoni, wakulima wanaanza kuulizia mbegu, na yeye anataka bango jipya lenye ushuhuda wa mwaka jana, picha ile ile ya mama amesimama kwenye mahindi yaliyompita kimo. Kwake kazi imekwisha. Ni kubadilisha rangi ya bango na kupeleka kwa mchapaji.

Bango lenyewe lilisema hivi: "Mwaka huu nimepata magunia 22 kwa ekari... hii mbegu sijawahi kuona!"

Mama huyo yupo kweli. Analima upande wa tambarare wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na maneno aliyasema Agosti 2024 kwenye ujumbe wa sauti wa WhatsApp ambao bado ninao. Lakini bango lile lilikuwa na uongo sehemu tatu, na hakuna hata sehemu moja ambapo mtu alitunga neno. Hicho ndicho ninachochoka kukieleza: unaweza kunukuu neno kwa neno na bado ukadanganya.

Anza na "mwaka huu". Kinywani mwa mama, Agosti 2024, mwaka huu ni masika ya 2024, ile iliyokuja nyuma ya El Niño, mvua zikanyesha mpaka sehemu nyingi za nchi zikafurika. Tambarare ya Hai kwa kawaida ni kavu, kwa hiyo mvua iliyowaumiza wengine, wakulima wa kule iliwabeba. Ukibandika sentensi hiyo hiyo dukani Februari 2025, msomaji anaelewa msimu ulioisha juzi, yaani vuli. Na vuli ya 2024 mvua ilikuwa haba. Mtu aliyepanda vuli akakosa, akiona bango hilo atadhani kosa lilikuwa la mbegu yake, si la mvua. Atatoa hela kununua mbegu nyingine kwa sababu ya neno moja la wakati ambalo hatukulirekebisha. Dawa yake ni rahisi mno: andika msimu na mwaka, nje ya alama za nukuu. "Masika 2024." Usiliguse neno lake, liwekee tarehe.

Kisha zile nukta tatu. Nilirudia kusikiliza sauti. Alichosema ni hiki: "Mwaka huu nimepata magunia ishirini na mbili kwa ekari, nilitia mbolea vizuri na mvua Mungu alitupa, hii mbegu sijawahi kuona." Angalia kilichomezwa na nukta. Mama mwenyewe alitaja sababu tatu: mbolea, mvua, mbegu. Bango likabakiza ile tunayouza. Kufupisha ushuhuda kunaruhusiwa, nafupisha kila wiki; watu wakizungumza huzunguka, hurudia, husalimia katikati. Kipimo changu ni kimoja: je, nilichokiondoa kinabadilisha kile msomaji atakachotarajia kukipata shambani kwake? Salamu ziondoke. Mbolea ibaki. Mbegu chotara bila mbolea haitoi mavuno ya namna ile kwenye udongo uliochoka, na anayesoma bango ndiye anayepanga hela kidogo aliyonayo aitumie wapi. Ukimfichia mbolea, umempangia vibaya.

Sasa namba. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu huheshimu namba kuliko maneno na hawaikagui.

Nilimpigia. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, kisha nikamuuliza maswali ambayo mwaka jana sikumuuliza, na kosa hilo ni langu. Gunia la namna gani? Punje au magunzi? Msidharau swali hili. Wapo wanaohesabu magunia ya mahindi ambayo bado hayajapukuchuliwa, na magunia mawili ya magunzi hutoa takriban gunia moja tu la punje. Yake yalikuwa punje, debe sita kila gunia. Aliuza kumi, na mizani ya mnunuzi ilisoma kilo 1,020, yaani kama kilo 102 kwa gunia. Angekuwa anajaza lumbesa, hesabu ingekuwa nyingine kabisa.

Nikauliza ekari. Akajibu bila kusita, "Sabini kwa sabini, mwanangu, tulipima kwa kamba." Mita 70 kwa 70 ndiyo ekari ambayo wengi wetu tumeikuta, na hakuna aliyedanganya hapo. Ila mita 70 kwa 70 ni mita za mraba 4,900, na ekari ya vitabu, ile ambayo kiasi cha mbegu na mbolea hukokotolewa kwayo, ni kama 4,047. Shamba lake ni ekari 1.2. Gawanya magunia 22 kwa 1.2, unapata 18 na kidogo. Bado ni mavuno mazuri sana kwa Hai tambarare. Lakini mkulima aliyepimiwa ekari ya kweli, akafuata kila kitu na kupata 18, atajiona ameshindwa kwa magunia manne ambayo hayakuwahi kuwepo.

Je, nimsahihishe mama ndani ya nukuu, niandike 18? Hapana. Hilo nimelikataa siku zote, kwa sababu siku jirani yake akimuuliza, atasema 22, na wote wawili wataonekana waongo. Namba yake inabaki, na pembeni naandika ukubwa wa shamba. Msomaji atagawanya mwenyewe, au atamwomba mtoto wake amgawie.

Lipo na la nne, ambalo lilinikasirisha kuliko yote. Mwenye duka alitaka bango likae juu ya rundo la mbegu mpya ya muda mfupi aliyoletewa mwaka huu, kwa sababu "ni kampuni ile ile". Mama hakushuhudia kampuni. Alishuhudia aina moja ya mbegu, yenye jina lake kwenye pakiti na kwenye lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu Tanzania; ni mbegu ambayo hukaa shambani muda mrefu zaidi na inahitaji mvua ya kutosha. Mbegu ya muda mfupi kwa kawaida huvunwa mapema na huzaa kidogo kuliko hiyo. Ndiyo faida yake na ndiyo bei yake. Kuhamisha ushuhuda kutoka pakiti moja kwenda nyingine ni kumsemea mtu jambo ambalo hajalifanya. Hapa sina maelewano.

Ruhusa. Watu wengi niliofanya nao kazi hudhani ruhusa ni mlango: ukishafunguliwa umefunguliwa. Mama alikubali 2024 sauti yake iandikwe kwenye bango la duka moja. Hakukubali Facebook, hakukubali redio, hakukubali 2025. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaifunga ridhaa kwenye kusudi lake, na aliyeitoa anaweza kuiondoa. Kenya, ambako baadhi yenu mnasomea hapa, sheria ya 2019 inadai ridhaa ya wazi pale taarifa za mtu zinapotumika kibiashara. Lakini hata kama sheria zisingekuwepo, msikilizeni mama alivyonijibu nilipomuuliza kuhusu Facebook: "Picha sawa, lakini msitaje kijiji. Mwaka jana baada ya lile bango walikuja watu usiku kuangalia stoo." Magunia 22 ni mali, na sisi tuliyatangaza yakiwa bado ndani. Sikuwa nimeliwaza hilo hata siku moja.

Ninavyoomba ruhusa sasa ni hivi. Namsomea tangazo lote lililokamilika, si wazo la tangazo, na namtajia litakaa wapi na mpaka lini. Anajibu kwa ujumbe wa sauti akitaja anachokubali na anachokataa, nami nauhifadhi ukiwa na tarehe. Fomu ya kutia dole gumba sina imani nayo. Anayeweka dole kwenye karatasi asiyoweza kuisoma hajaruhusu kitu. Kama kuna mtoto wa jirani kwenye picha, namkata au natafuta mzazi wake.

Swali la mwisho ninalouliza ni hili: bado unasema hivyo? Mama akanyamaza kidogo. Vuli alipanda mbegu hiyo hiyo kwenye nusu ya shamba lile, mvua ikakatika, akapata magunia manne. "Mbegu sina ugomvi nayo," akasema, "mvua ndiyo iliyonitupa. Masika naipanda tena."

Hapo nakiri sijafika mahali pa kutulia. Manne kwenye nusu shamba ni sawa na manane kwenye shamba zima, chini sana ya 22. Je, niyaandike nayo? Wenzangu wawili waliniambia hapana, bango halibebi historia ya shamba. Upande mmoja wapo sahihi: tarehe ya masika inatosha kumwambia msomaji ni msimu gani. Upande mwingine, mimi sasa najua jambo ambalo angependa kulijua. Mwishowe niliweka sentensi ya mama kuhusu vuli kwenye kipeperushi, chenye nafasi, na bangoni nikaacha masika peke yake. Sina hakika kwamba nilipaswa kukata pale. Vilevile zile pakiti mbili za mbegu alizopewa mwaka jana kama shukrani: alipewa baada ya kusema, si kabla, lakini msomaji hawezi kujua hilo asipoambiwa, kwa hiyo nimeliandika.

Mwenye duka alibishana siku mbili, kisha akakubali. Bango sasa lipo juu ya rundo la mbegu ile ile aliyopanda mama, na linasomeka hivi:

"Masika 2024, mkulima wa Hai. Magunia 22 ya punje, shamba la mita 70 kwa 70 (ekari 1.2). Mfuko mmoja wa DAP wakati wa kupanda, mmoja wa yurea mahindi yalipofika magotini. 'Nilitia mbolea vizuri na mvua Mungu alitupa, hii mbegu sijawahi kuona.' Baada ya mavuno duka lilimpa pakiti mbili za mbegu."

Ruhusa yake inaishia tarehe 31 Mei. Siku hiyo linashushwa, na Agosti, akishavuna, nitampigia tena.