Swahiba wa Mpelelezi Si Mjinga: Dhana Potofu Kuhusu Msimulizi Anayeuliza Maswali

Katika kikundi chetu cha wasomaji hapa Dodoma, kila tunapochukua riwaya ya upelelezi husikika lalamiko lile lile: kwa nini mpelelezi hodari atembee na mtu anayeuliza mambo yaliyo wazi? Wengine humsemea hivyo Najum, mwenziwe Bwana Msa katika riwaya za Muhammed Said Abdulla, na wengine humsemea Daktari Watson, swahiba wa Sherlock Holmes. Naona lalamiko hilo linatokana na kutoelewa kazi aliyopewa mhusika huyu.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba swahiba ni mjinga aliyewekwa ili mpelelezi ang'ae. Watson ni daktari aliyehudumu jeshini Afghanistani. Ni mtu mwenye elimu na macho makini. Ronald Knox, aliyeandika kanuni za hadithi za upelelezi mwaka 1929, alisema kwamba akili ya swahiba iwe chini kidogo tu, tena kidogo sana, ya akili ya msomaji wa kawaida, na kwamba asimfiche msomaji wazo lolote linalompitia kichwani. Uzito uko katika sharti hilo la pili. Swahiba akiwa mpumbavu kweli, hataona kidokezo, na asipokiona hawezi kumpa msomaji. Akiwa na akili sawa na mpelelezi, atafumbua fumbo mapema na hadithi itakwisha.

Dhana ya pili ni kwamba swahiba huuliza ili ajibiwe. Aghalabu swali lake hupokewa kwa swali jingine, na hapo ndipo ufundi ulipo. Natoa mfano wa kubuni wa hapa kwetu. Ni Agosti, msimu wa mavuno ya zabibu, na fedha za mauzo zimeibwa katika ghala moja la Hombolo. Mlinzi anaapa kwamba hakutoka mlangoni usiku kucha. Mpelelezi anamtazama miguuni, kisha ananyamaza. Swahiba anauliza, "Mbona unatazama viatu vyake vyenye tope?" Mpelelezi anasema, "Mara ya mwisho mvua ilinyesha lini hapa?" Msomaji sasa anao ukweli wote anaouhitaji: viatu vina tope, na ardhi ni kavu tangu masika yaishe. Asichonacho ni maana yake, kwamba tope hilo lingeweza kutoka tu kwenye mizabibu inayomwagiliwa, mbali na ghala. Mwandishi ameficha maana bila kuficha ushahidi, na ameweza kwa sababu anayesimulia ni mtu aliyeona tope lakini hakujiuliza limetoka wapi.

Jambo hilo hilo limo katika hadithi ya Holmes ya mwaka 1892 kuhusu farasi wa mashindano aliyetoweka. Mapema kabisa, wakiwa safarini ndani ya treni, Holmes anamsimulia Watson kwamba kijana wa zizini alipelekewa nyama ya kondoo yenye bizari, na kwamba ilitiwa kasumba, dawa ya kulevya. Watson analiandika hilo na kulipita. Baadaye tunaelezwa kwamba kasumba ina ladha inayotambulika, na kwamba bizari ndiyo iliyoificha. Mgeni aliyeshukiwa hakuwa na uwezo wa kuamua chakula gani kipikwe katika nyumba ile, kwa hiyo mkosaji ni mtu wa ndani. Na si lazima kila swali litoke kinywani mwa swahiba: katika hadithi hiyo, swali maarufu linaloibua habari ya mbwa ambaye hakufanya lolote usiku ule linaulizwa na Inspekta Gregory, wakati Watson anasimulia tu.

Dhana ya tatu, ambayo wenzangu waliisimamia kwa ukali zaidi, ni kwamba mpelelezi angeweza kusimulia mwenyewe bila hasara. Arthur Conan Doyle, mwandishi wa hadithi za Holmes, alijaribu. Kati ya hadithi 60 za Holmes, Watson husimulia 56. Mbili zimo katika nafsi ya tatu, na mbili, zilizotoka mwaka 1926, anasimulia Holmes mwenyewe. Katika moja ya hizo mbili Holmes anakiri kwamba anamkosa Watson, ambaye kwa maswali yake ya werevu na mishangao yake aliifanya kazi ya kawaida ionekane ya ajabu. Ugumu wake unaeleweka. Anayesema "niliona" lazima ama aseme pia "nikajua", na taharuki ife, ama anyamaze juu ya wazo lililokuwa kichwani mwake, na msomaji ajihisi amedanganywa. Mpeleke Holmes yule kwenye ghala letu la Hombolo asimulie mwenyewe: akiandika kwamba aliona tope, tutataka kujua papo hapo aliwaza nini.

Hata hivyo, si kila mtu anayefuatana na mpelelezi ni msimulizi wa namna hii. Kipimo ninachotumia ni kurudi nyuma baada ya kumaliza kitabu na kutafuta ukurasa ambapo kidokezo cha mwisho kilionekana mara ya kwanza. Kikiwa kimo katika maneno ya swahiba, amefanya kazi yake. Kikiwa hakimo popote, maswali yake yote yalikuwa pambo tu, na kosa ni la mwandishi.