Lenzi ya mnadani: dhana potofu zinazowapandisha bei wanunuzi wa Kisumu

Wapiga picha wengi wa harusi na matanga hapa Kisumu wanatafuta lenzi zilizotumika kwenye mnada wa eBay, kwa sababu lenzi nzuri dukani ni ghali. Mnada wenyewe wamejifunza kwa kusikia, na mengi wanayoambiana hayana ukweli. Nitatumia lenzi moja tu kama mfano, Canon EF 70-200mm f/2.8L, ile nyeupe ambayo kila mpiga picha wa harusi anaitamani.

Dhana: "Ukiandika kiwango chako cha juu, utatozwa chote"

Dhana hii ina mzizi, nao uko Kibuye. Pale sokoni hakuna mtu anayemwambia muuzaji ana pesa ngapi mfukoni. Unauliza bei ya mwisho, unataja nusu, unajifanya unaondoka. Ukitaja elfu mbili mapema, hutatoka pale na kitu cha elfu moja mia tano. Kwa hiyo mtu aliyekulia kwenye soko la namna hiyo, akiona kisanduku kinachomwuliza kiwango chake cha juu, anashuku mtego.

Kwenye eBay kiwango hicho muuzaji hakioni, wala washindani wako hawakioni. Mtambo unakishika kwa niaba yako na kupandisha dau kadiri inavyohitajika tu ili uwe mbele. Tuseme bei iliyo kwenye skrini ni dola 310 na wewe umeandika 500. Kama mshindani mwenye nguvu kuliko wengine aliandika 402, utashinda kwa 407, kwa sababu kati ya dola 250 na 499.99 bei hupanda kwa hatua ya dola 5. Zile 93 zilizobaki hakuna anayejua kama ulikuwa tayari kuzitoa.

Maana yake ni kwamba bei unayolipa inaamuliwa na kiwango cha mtu wa pili. Chako kinaamua tu kama umeshinda au umeshindwa. Mwanauchumi William Vickrey alieleza mnada wa aina hii mwaka 1961, naye akapata Tuzo ya Nobeli mwaka 1996. Hoja yake ni rahisi kuifuata: ukiandika chini ya thamani halisi ya kitu kwako, hupunguzi bei bali unajiongezea nafasi ya kukikosa, na ukiandika juu ya thamani hiyo, unajiweka pabaya pale tu mtu mwingine naye amefika huko juu. Kwa hiyo andika thamani yenyewe.

Dhana: "Kiwango cha juu ni pesa nilizonazo"

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Mtu ana elfu tisini kwenye akaunti, anazigeuza kuwa dola, na hiyo inakuwa bei yake ya juu. Salio lako halijui lolote kuhusu lenzi.

Hesabu inaanzia huku nyumbani na kurudi nyuma. Chukua mpiga picha wa Kondele ambaye ameulizia maduka ya Nairobi na kuambiwa kwamba lenzi hiyo iliyotumika, ikiwa safi, ni shilingi 85,000, na dukani anaweza kuifunga kwenye kamera yake na kuijaribu kabla ya kulipa. Ya mnadani hawezi kuijaribu. Kioo kinaweza kuwa na kuvu ambayo haionekani kwenye picha, mota ya kulenga inaweza kuwa inakwamakwama, na kuirudisha Marekani ni gharama nyingine. Kwa hatari hiyo anaondoa 10,000. Kwake yeye, basi, lenzi ya mnadani ina thamani ya 75,000 ikiwa mkononi Kisumu.

Sasa anatoa gharama za njiani. Msafirishaji mwenye anwani Marekani amemtajia 5,500 hadi Nairobi, ushuru ukiwa ndani. Lenzi yenyewe ina uzito wa zaidi ya kilo moja na robo, na boksi linaongeza, kwa hiyo aulize bei kwa uzito wa kifurushi kizima. Basi la kuleta kifurushi Kisumu ni 500. Zinabaki 69,000. Benki yake haimpi dola kwa bei ya gazeti: ukijumlisha makato ya kadi, kila dola inamgharimu shilingi 134. Akigawanya anapata dola 515 hivi. Muuzaji anataka dola 15 kupeleka mzigo kwa yule msafirishaji. Kiwango chake cha juu ni dola 500.

Kuna jambo moja ambalo wengi huligundua wakati wa kulipa. Kodi ya mauzo ya Marekani inafuata anwani ya kupokelea mzigo. Anwani ikiwa Delaware, hakuna kodi hiyo. Ikiwa New Jersey, ni asilimia 6.625, na inatozwa kwenye bei pamoja na nauli. Kwa mtu yule yule na lenzi ile ile, 515 ukigawanya kwa 1.06625 ni 483, ukitoa 15 zinabaki 468. Kiwango kimeshuka dola 32 kwa sababu ya anwani ya ghala tu. Muulize msafirishaji ghala lake liko jimbo gani kabla hujagusa mnada.

Dhana: "Panda kidogo kidogo, utaipata kwa bei nafuu"

Anayepanda kidogo kidogo haokoi chochote, kwa sababu tumeshaona bei inawekwa na mtu wa pili. Anachokifanya ni kugundua kiwango cha mwenzake kwa kukigonga: anaweka 350, anaambiwa amepitwa papo hapo, anaweka 360, amepitwa, 370, amepitwa. Yule mwenzake huenda amelala. Ni kiwango chake alichokiandika jana ndicho kinachojibu.

Lakini mpandaji haoni hivyo. Anaona mtu anamchokoza. Kila ujumbe wa "umepitwa" unamfanya ahisi amenyang'anywa kitu kilichokuwa chake, hasa kama alikaa mbele kwa siku mbili na tayari ameshapanga harusi atakayoipiga nayo. Anaanza kujiuliza swali baya: "Dola kumi zaidi ni nini?" Dola kumi si kitu, ndiyo maana swali hilo lina jibu lile lile kila mara, na mtu anajikuta kwenye 560 akiwa ameulizwa mara nyingi.

Saa nazo zinachangia. Mnada unaofungwa saa kumi na mbili jioni California wakati wa kiangazi chao unafungwa saa kumi alfajiri huku kwetu. Mtu aliyekesha akisubiri anataka kukesha kwake kuzae kitu. Dawa yake si ushupavu. Andika kiwango mara moja, kwa hesabu ya mchana, ulale. Ukiamka umepitwa kwa 510, ujue kuna mtu ambaye lenzi hiyo ilikuwa na thamani kubwa zaidi kwake, labda kwa sababu yuko Ohio na halipi nauli ya Kisumu.

Kuna sababu moja tu halali ya kubadilisha kiwango mnada ukiendelea: taarifa mpya. Muuzaji akijibu swali lako na kuthibitisha kwamba mota ni mpya, au msafirishaji akishusha bei, rudi kwenye karatasi ufanye hesabu upya. Kupitwa si taarifa mpya.

Dhana: "Dau la sekunde ya mwisho ndilo linaloshinda"

Hii ina ukweli nusu. Mnada wa eBay una saa ya kufunga isiyosogezwa, kwa hiyo ukiweka dau sekunde chache kabla, wale wapandaji wa kidogo kidogo hawapati muda wa kukasirika na kukujibu. Alvin Roth na Axel Ockenfels walilichunguza jambo hili katika makala yao ya 2002. Walilinganisha eBay na minada ya Amazon ya wakati huo, ambayo iliongezewa muda hadi dakika kumi zipite bila dau jipya, wakakuta madau ya dakika za mwisho ni mengi zaidi kwenye eBay.

Ila mtu aliyeandika 500 tangu Jumatatu, dau lako la sekunde ya mwisho la 480 halimfanyi kitu. Hata ukiweka 500 sawa na yeye, aliyetangulia ndiye mshindi. Na ukikimbizana na saa kwa simu, mtandao ukichelewa kidogo umekosa, au kidole kinaandika 5000 badala ya 500. Kosa la kuandika linaweza kuondolewa na kuwekwa dau sahihi mara moja, lakini mnada ukishafungwa umechelewa. Ukipenda dau la mwisho, sawa, mradi namba ni ile ile ya mchana.

Dhana: "Watu wengi wakigombea, ni ishara kitu kina thamani"

Mwaka 1971 wahandisi watatu wa kampuni ya mafuta ya Atlantic Richfield, Capen, Clapp na Campbell, walieleza kwa nini kampuni zilizoshinda zabuni za maeneo ya kuchimba mafuta zilipata faida ndogo kuliko zilivyotarajia. Kila kampuni ilikisia kiasi cha mafuta, na aliyeshinda ni yule aliyekisia juu kuliko wote, ambaye mara nyingi ndiye aliyekosea zaidi. Lenzi isiyojaribiwa ni hivyo hivyo. Mshindi ni yule aliyeamini zaidi kwamba haina kuvu, na kadiri washindani wanavyokuwa wengi ndivyo imani yake inavyoelekea kuwa ya kupita kiasi.

Kwa hiyo usisome bei kwenye mnada unaoendelea. Weka alama kwenye kichujio cha `Sold Items` uone zilizouzwa zilifikia wapi, ukiacha kando zilizoandikwa `For parts or not working`. Kama lenzi kumi zilizopita ziliishia kati ya 420 na 490, hiyo ya leo iliyofika 540 haijawa dhahabu. Nyingine itawekwa wiki ijayo.

Ukishindwa, wakati mwingine unaletewa `Second Chance Offer`: labda mshindi hakulipa, au muuzaji ana lenzi ya pili, naye anakuuzia kwa bei ya dau lako la juu kabisa. Aliyeandika 500 ya hesabu anaweza kuikubali bila kufikiri sana. Aliyepanda hadi 560 kwa hasira anaulizwa sasa alipe 560, kwa kitu ambacho huenda hakuna mwingine aliyekitaka kwa bei hiyo. Isome ofa ndani ya akaunti yako ya eBay, si kwenye barua pepe peke yake, maana matapeli nao huandika barua za kufanana nayo na kuomba ulipe kando.