Kutoka meza ya jikoni hadi karakana: uwezo, bechi na kikwazo katika kutengeneza siagi ya karanga

Uwezo wa uzalishaji ni kiasi cha bidhaa nzuri, iliyokwisha kufungwa, kinachotoka mwisho wa kazi katika muda fulani. Kiasi kilichoandikwa kwenye kibati cha mashine ni kitu kingine. Mashine ya kusaga inaweza kuandikwa kilo 50 kwa saa, lakini ukijumlisha kuilisha, kuisubiri ipoe na kuisafisha, huenda ukapata 20. Na hata hizo 20 hazikusaidii kitu ikiwa karanga zilizokaangwa zinaifikia kilo nne kwa saa.

Tuchukue mfano wa mtu anayetengeneza siagi ya karanga nyumbani, akiuza kopo la gramu 400. Kazi ina hatua tano: kuchambua, kukaanga, kuondoa maganda mekundu na kupepeta, kusaga, halafu kujaza makopo na kubandika lebo. Tuseme amepima kasi yake kwa saa ya simu na mizani. Anachambua kilo 8 kwa saa. Kikaango chake kinabeba kilo 2 na kila mkupuo huchukua nusu saa, yaani kilo 4 kwa saa. Kuondoa maganda kwa mikono ni kilo 10 kwa saa, mashine ndogo ya kusaga ni kilo 20 kwa saa, na makopo anajaza 40 kwa saa.

Akifanya kazi peke yake, saa hizo zinajumlishana. Kilo 20 za karanga ghafi zinamla saa mbili na nusu za kuchambua, karibu tano za kukaanga, karibu mbili za maganda, moja ya kusaga na moja ya kujaza. Ni zaidi ya saa 11, kabla ya kuosha vyombo. Hapo kikwazo ni mwenyewe: dakika yoyote atakayookoa katika hatua yoyote ni faida, kwa sababu ataitumia mahali pengine.

Mambo hubadilika siku wanapokuwa watu wawili au watatu, kila mmoja na hatua yake. Sasa saa hazijumlishwi tena. Karakana nzima inakwenda kwa mwendo wa hatua iliyo polepole kuliko zote, na hiyo ndiyo inayoitwa kikwazo cha uzalishaji. Katika mfano huu ni kukaanga: kilo 4 kwa saa. Wanaochambua wakiongeza kasi, karanga zitarundikana tu kando ya jiko. Anayesaga atakaa bure. Hizo ndizo dalili mbili za kutafuta unapoingia karakana yoyote: rundo mbele ya hatua fulani, na mtu au mashine inayongoja baada yake.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mashine inayotamaniwa na kila anayeanza ni ya kusaga, kwa kuwa ndiyo inayotoa siagi yenyewe. Lakini mtu huyu akinunua ya kilo 60 kwa saa, kwa kila kilo 20 ameokoa dakika kama 40 za kusaga, na kukaanga bado ni saa tano. Mwisho wa siku idadi ya makopo ni ileile. Wengine hujaribu njia rahisi zaidi, wanajaza kilo 4 kwenye kikaango cha kilo 2. Moto hauongezeki kwa kuwa karanga zimeongezeka. Za chini huungua, za juu hubaki mbichi, na siagi hutoka na uchungu ambao sukari haiufichi.

Sasa tuseme maduka yanataka makopo 300 kwa wiki, yaani kilo 120 za siagi. Hesabu huanzia mwisho na kurudi nyuma. Karanga ghafi kilo 100 hazitoi kilo 100 za siagi: kuna mabovu yanayotupwa, unyevu unaokwenda na moto, maganda yanayopepetwa, na rojo linalobaki ndani ya mashine. Tukikadiria zitoke kilo 87, basi kilo 120 zinahitaji karibu kilo 138 ghafi. Usiazime kadirio hili. Pima karanga zako zikiingia na makopo yakitoka, kwa sababu mzigo wenye punje nyingi zilizosinyaa hushusha hesabu vibaya.

Baada ya kuchambua zinabaki kama kilo 131 za kukaanga. Kwa kikaango cha nyumbani hizo ni saa 33 za kusimama jikoni ukikoroga. Kwa hiyo kinachonunuliwa kwanza ni pipa la kukaangia linalozungushwa na mota, lenye moto wa gesi chini yake. Tulichukulie linabeba kilo 13 kwa mkupuo, na kutoka kulijaza hadi kulimwaga ni dakika 50. Mikupuo 10 kwa wiki inatosha, kama saa nane na nusu.

Pipa huja na hatua ambayo jikoni haikuonekana: kupoza. Kilo 2 zikimwagwa kwenye sinia hupoa zenyewe. Kilo 13 zikiachwa kwenye beseni huendelea kujikaanga kwa joto lake, na ukizichimba utakuta za katikati zimekuwa nyeusi kuliko za pembeni. Zinatakiwa zitandazwe, unene wa sentimita tatu hivi, juu ya trei ya wavu au chuma yenye ukubwa wa karibu meta moja kwa sentimita 80, feni ikizipulizia. Ikiwa zinachukua dakika 80 kupoa na mkupuo mpya unatoka kila dakika 50, trei moja haitoshi: gawa 80 kwa 50, upandishe hadi namba kamili, unapata trei mbili. Asiyepiga hesabu hii hujikuta ameshika karanga za moto bila pa kuzimwaga, naye analizima pipa alilolinunua kwa bei kubwa kwa sababu ya kukosa trei ya bei ndogo.

Kukaanga kukishapata nafasi, kikwazo hakifi, kinahama. Kinahamia kwenye kuchambua: kilo 138 kwa kilo 8 kwa saa ni zaidi ya saa 17 za mtu mmoja. Hapa ushauri wetu ni tofauti. Hatua nyingine unaweza kuzibana ziende haraka, hii usiibane. Punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika au zenye ukungu ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya sumukuvu, na kukaanga hakuiondoi yote. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu jumla ya mikrogramu 10 tu za sumukuvu kwa kilo, kiasi ambacho jicho halikioni na ulimi hauonji. Kwa hiyo ongeza mtu, ongeza mwanga juu ya meza, nunua mzigo uliokaushwa vizuri na uupime maabara, lakini usimwambie mchambuaji aharakishe. Uzuri wa kuchambua ni kwamba kunaweza kutangulia: watu wawili Jumatatu nzima huimaliza karibu yote kabla pipa halijawashwa.

Kinachofuata ni kuamua ukubwa wa bechi. Bechi ni karanga za mzigo mmoja zilizokaangwa na kusagwa kwa mfululizo mmoja, bila mashine kufunguliwa na kusafishwa katikati, na makopo yake yote hubeba namba moja. Swali ni ufanye ndogo nyingi au kubwa chache. Tuseme kufungua mashine ya kusaga, kuikwangua na kuifuta ni dakika 45, na kila mara rojo la kama kilo moja huishia kwenye kitambaa. (Ifute kikavu, kwa brashi na kitambaa. Maji yakibaki ndani ya mashine ya karanga hukaribisha ukungu na vijidudu.) Ukisaga kilo 12 kila bechi, mara kumi, unatumia saa saba na nusu kusafisha mashine ambayo imesaga kwa saa sita, na kilo 10 zimepotea. Ukisaga kilo 60 mara mbili, usafi ni saa moja na nusu na zimepotea kilo 2.

Mbona basi usifanye bechi moja ya kilo 120? Kwa sababu likigundulika tatizo, kwa mfano ladha ya kuungua au majibu mabaya ya maabara, unaondoa bechi nzima dukani. Pia karanga zilizokaangwa hazipendi kungoja, hasa katika hewa yenye unyevu ya Tanga, Dar es Salaam au Mombasa: hulainika, na zikikaa sana mafuta yake huchacha. Bechi mbili za kilo 60 ni ukubwa wenye busara kwa karakana hii.

Wiki basi inakwenda hivi. Jumatatu ni kupima na kuchambua. Jumanne mikupuo mitano ya pipa, kama saa nne na ushei, huku mtu wa pili akianza maganda mkupuo wa kwanza unapopoa. Kilo 60 na kidogo za maganda kwa mikono ni saa sita, kwa hiyo pipa litamaliza kabla ya ungo. Karanga safi zinalala kwenye ndoo zenye mifuniko. Jumatano saa tatu za kusaga na karibu nne za kujaza makopo 150, na mwenye nafasi anamalizia uchambuaji uliobaki. Siagi isifungwe ikiwa ya moto, maana mvuke hugeuka matone chini ya kifuniko na ndipo ukungu unapoanzia. Alhamisi na Ijumaa ni bechi ya pili. Jumamosi iachwe wazi makusudi, kwa ajili ya siku umeme utakapokatika au makopo yatakapochelewa kufika. Karakana iliyopangiwa kila saa ya wiki huchelewesha oda kwa hitilafu moja tu.

Angalia kwamba mashine ndogo ya kusaga ya jikoni, ileile ya kilo 20 kwa saa, inatosha makopo 300 bila shida. Itakapofika oda ya 600, uchambuaji utataka watu wanne siku hiyohiyo, na maganda yatakula saa 24 na zaidi kwa wiki. Kitakachonunuliwa hapo ni mashine ya kumenyea yenye kipulizio cha kutoa maganda, na pipa litakuwa na kazi siku nne badala ya mbili. Ya kusaga itakuwa ikifanya saa 12 kwa wiki, bado ikiwa na nafasi.

Kabla ya kununua chochote, mwite fundi umeme aangalie laini iliyoingia kwenye jengo. Mota za ukubwa wa kilowati tatu na kuendelea mara nyingi hutengenezwa kwa umeme wa fezi tatu, na nyumba nyingi zina fezi moja.